Picha ya uongo ya mpambaji wa Langoni: ilivyoondolewa, na pale iliposhindikana

Mwenye kisa hiki nitamwita Zena, na si jina lake. Ni mpambaji wa maharusi hapa Lamu, mtaa wa Langoni: hina, piko, nywele, na kumvisha bibi harusi. Kazi yake huitangaza Facebook na WhatsApp, na kwa muda mrefu picha ya ukurasa wake ilikuwa uso wake mwenyewe, buibui limefunga mpaka shingoni, ameinamisha kichwa kidogo upande wa kulia. Picha hiyo moja ndiyo iliyochukuliwa. Mtu aliuhamishia uso ule kwenye mwili wa mwanamke aliye uchi kwa programu ya akili mnemba, akaandika matusi juu yake, akatia jina la biashara chini, kisha akaitupa usiku katika kundi la WhatsApp la watu wa shughuli za harusi. Kulipokucha ilikuwa imefika Shela na Matondoni, na jamaa wa Mombasa walikuwa wakipiga simu kuuliza.

Mimi ni msaidizi wa sheria wa mtaa. Siyo wakili, ila najua mlango gani hubishwa kwanza. Nilipofika nyumbani kwao siku ya pili nilikuta kaka yake amekaa na simu, ameizungushia picha ile duara jekundu shingoni, anataka kuirusha katika makundi yote ili watu waone kuwa shingo imebandikwa. Mama yake alikuwa upande wake. "Mwanangu, wasipoona watasema ni yeye," aliniambia. Nikamjibu, "Mama, ukiituma ili kuikanusha, umeituma."

Hapo ndipo familia nyingi hupotea njia, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Watu hudhani kazi ya kwanza ni kuthibitisha kwamba picha ni ya uongo. Kwa kazi ya kuiondoa, uthibitisho huo karibu hautakiwi. Kanuni za Facebook, Instagram na TikTok zinakataza picha ya faragha ya mtu iliyosambazwa bila ridhaa yake, na zinakataza pia ile iliyotengenezwa. Anayeripoti hahitaji kueleza kivuli kimeangukia upande gani. Anachotakiwa kueleza ni mambo mawili tu: huyu ni mimi, na sikukubali. Duara jekundu la kaka yake lingezaa nakala nyingine ya picha ileile, ikitoka kwenye simu ya nduguye wa damu, na watu wangeitazama kwa hamu zaidi.

Kukanusha kulifanyika, lakini kwa maneno matupu. Zena aliandika kwamba uso wake umeibwa kwenye ukurasa wa kazi na kubandikwa kwenye picha ya uchi, kwamba jambo limepelekwa polisi, na kwamba yeyote atakayeisambaza atatajwa katika maelezo. Akaambatanisha ile picha halisi ya buibui. Ilitosha. Waliokuwa na picha chafu walizilinganisha wenyewe: kichwa kimeinama vilevile, tabasamu ni lilelile, na mwanga unaoangaza uso unatoka dirishani upande wa kushoto ilhali mwili umeangazwa kutoka mbele. Piko la mikononi, ambalo mpambaji halikosi, halikuwepo kabisa.

Ushahidi kabla ya kufuta

Rafiki yake mmoja, kwa mapenzi, alikuwa ameshaufuta ujumbe kwenye simu yake na kutoka katika kundi. Alidhani amesaidia. Bahati nzuri kulikuwa na mwingine, mshonaji wa Mkomani, ambaye hakugusa kitu, na simu yake ndiyo iliyobeba kesi nzima.

Tulichokifanya kwenye simu ile kilichukua muda mfupi, ila kila hatua ilikuwa na sababu yake. Kwanza tuliipiga skrini ikionyesha ujumbe ulipokaa ndani ya kundi, jina la kundi likionekana juu, tarehe na saa zikionekana. Kisha tukagusa jina la aliyetuma. Mshonaji alikuwa amemhifadhi kwa jina la utani, na jina la utani halimwambii hakimu kitu. Kinachotakiwa ni namba ya simu yenyewe, kwa hiyo tulifungua maelezo ya mtu huyo na kupiga skrini pale namba ilipoandikwa yote. Tukaangalia pia kama ujumbe una alama ya kutumwa mbele. Haukuwa nayo, maana yake aliyeuweka kwenye kundi aliutoa kwenye simu yake kama picha mpya, hakuusukuma kutoka kwa mwingine. Katika makundi ya Shela tuliikuta na mishale miwili, alama ambayo WhatsApp huiweka ujumbe ukishapita mkono hadi mkono mara 5 au zaidi. Kwa hiyo wa Shela walikuwa wapokezi, na kundi la harusi lilikuwa karibu na chanzo.

Mwisho tulirekodi skrini kwa video, kuanzia kufungua WhatsApp, kuingia kundini, kupanda mpaka kwenye ujumbe, hadi kufika kwenye namba. Picha moja ya skrini mtu anaweza kudai imetengenezwa, na katika kesi ya picha bandia dai hilo ni la kwanza kutolewa. Video inayoonyesha njia nzima ni vigumu zaidi kuipinga.

Mshonaji aliombwa asifute ujumbe, asibadilishe simu, asitoke kundini. Pia aliambiwa ukweli ambao watu huuficha: polisi wakiihitaji simu yake kama kielelezo wanaweza kukaa nayo, na si kwa siku mbili. Alikubali akijua hivyo. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 106B, inataka rekodi ya kielektroniki iambatane na cheti cha mtu aliyehusika na chombo kilichotumika, akieleza ilivyotolewa. Kwa hiyo aliyepiga skrini na aliyechapisha karatasi wajulikane tangu mwanzo, wasitafutwe baada ya mwaka.

Jambo moja lazima niliseme hapa. Zena ni mtu mzima. Angekuwa chini ya miaka 18, nisingepiga skrini ya picha yenyewe wala kumwomba mtu yeyote aihifadhi, kwa sababu kuwa na picha ya namna hiyo ya mtoto, hata ya kubandika, ni hatari kisheria kwa anayeishika. Hapo huandikwa namba, jina la kundi, kiungo na saa, kisha hupigwa 116, simu ya watoto isiyolipiwa, na polisi.

Makundi ya WhatsApp

Wengi huniuliza, "Tumwandikie nani WhatsApp aitoe?" Hakuna. Ujumbe wa WhatsApp unasafiri umefungwa, na kampuni haiwezi kuingia kwenye simu ya mtu kuuchomoa. Ukibonyeza ujumbe kwa muda na kuuripoti, kampuni hupokea nakala ya kile ulichoripoti. Ukiripoti kundi au mtu, hupokea jumbe 5 za mwisho kutoka kwake, na aliyeripotiwa haambiwi. Matokeo yake yanaweza kuwa kufungiwa kwa akaunti ya msambazaji. Picha iliyokwisha kufika kwenye simu za watu inabaki palepale.

Mwenye uwezo wa kuitoa ni msimamizi wa kundi. Admini anaweza kuubonyeza ujumbe wa mwanachama yeyote na kuchagua kuufuta kwa wote, na unatoweka kwenye kundi zima, hata kwa ambao hawajaufungua. Ila nafasi hiyo ni ya siku 2 hivi tangu ujumbe utumwe, na baada ya hapo atafuta kwake tu. Ndiyo maana mchana ule wote, kabla hata ya kituo cha polisi, ulikwenda katika kutafuta maadmini. Kwa mji kama Lamu kazi hii ni nyepesi kuliko Nairobi, kwani ukitaja jina la kundi kuna mtu atakayekwambia admini ni mtoto wa nani na anakaa kichochoro gani.

Tulimwandikia kila mmoja ujumbe mfupi, bila picha: "Salamu aleikum ami. Kwenye kundi lako kuna picha ya kutengeneza ya dada yetu, imetumwa jana saa 4 usiku na namba inayoishia hivi. Piga skrini inayoonyesha namba ya aliyetuma, kisha ifute kwa wote leo, kwa sababu kesho nafasi itapita. Uwaombe walioihifadhi waifute." Mpangilio ule, ushahidi kwanza halafu kufuta, ulikuwa wa makusudi. Admini mmoja mzee hakujua hata kama ana uwezo huo, na mjukuu wake alimshikia simu.

Mmoja tu aligoma, akasema yeye hajatuma na hataki ugomvi. Sikumtisha. Nilimwomba mjumbe wa mtaa amweleze kwamba jina lake litaandikwa kama mtu aliyearifiwa saa fulani na asifanye kitu. Jioni ilikuwa imefutika.

Kufuta huku kuna mipaka. Aliyeipakua na kuituma nje ya kundi ana nakala yake. Kwenye simu za iPhone, picha iliyokwisha kuhifadhiwa kwenye albamu ya simu hubaki hata ujumbe ukifutwa. Na stetasi hujifuta yenyewe baada ya saa 24, jambo linalomfariji mwathiriwa na kumkosesha ushahidi kwa wakati mmoja, kwa hiyo stetasi hupigwa skrini mara tu inapoonekana.

Facebook

Siku ya tatu ilizuka akaunti ya Facebook yenye jina la biashara yake, picha ile ikiwa imekatwa kiunoni ili ipite, na maneno ya kuwaita wanaume. Shoga zake waliripoti kwa wingi, na akaunti ikabaki. Nilipowauliza waliripoti nini, wengi walikuwa wamechagua "habari za uongo" au "utapeli", na wote waliripoti akaunti bila kuigusa picha.

Ripoti inapita njia inayolingana na sababu uliyoichagua. Ukisema ni habari za uongo, inatazamwa kwa kanuni za habari za uongo, na mwili wa uchi hauna habari ndani yake. Tulianza upya. Zena mwenyewe alifungua ile picha, siyo akaunti, akabonyeza vidoti vitatu, akachagua sababu ya uchi na ndani yake picha ya faragha iliyosambazwa bila ridhaa, akaonyesha kwamba anayehusika ni yeye. Kisha akaripoti akaunti peke yake kwa kosa la kujifanya mtu mwingine. Kabla ya yote tulinakili kiungo cha picha na kiungo cha akaunti, kwa sababu jina la akaunti hubadilishwa kwa dakika moja na picha ikishaondolewa huna tena cha kuwaonyesha polisi.

Jibu la kwanza lilikuwa kwamba picha haivunji kanuni. Zena alilia. Mimi sikushangaa. Julai 2024 Bodi ya Usimamizi inayopitia maamuzi ya Meta, kampuni yenye Facebook na Instagram, ilitoa uamuzi juu ya picha mbili za uchi za wanawake mashuhuri zilizotengenezwa kwa akili mnemba, mmoja wa India na mmoja wa Marekani. Ile ya India iliripotiwa Instagram, na ripoti ilifungwa yenyewe kwa sababu hakuna aliyeitazama ndani ya saa 48. Mlalamikaji akakata rufaa, nayo ikafungwa vilevile. Kampuni iliiondoa baada ya Bodi kulichukua suala. Kama hayo yalimpata mtu mashuhuri, mpambaji wa Langoni asidhani jibu la kwanza limeisoma picha yake.

Kwa hiyo tulibonyeza kuomba uamuzi upitiwe tena, na safari hii tukajaza pia fomu ya malalamiko ya faragha iliyoko kwenye Kituo cha Msaada cha Facebook, ambayo ina nafasi ya kuandika maneno yako. Maneno yenyewe nayaweka hapa kwa sababu ndiyo yaliyofanya kazi:

"Mimi ndiye ninayeonekana usoni katika picha iliyoko kwenye kiungo hiki. Uso wangu umechukuliwa kutoka kwenye ukurasa wangu wa kazi, kiungo chake ni hiki, na kubandikwa kwenye mwili wa uchi kwa programu. Sikuridhia kutengenezwa wala kusambazwa kwake. Naeleza haya kwa nia njema na ni kweli kwa ufahamu wangu. Naomba iondolewe pamoja na nakala zake." Chini yake jina kamili, saini na barua pepe.

Muundo ule sikuutunga hewani. Marekani ilitia saini sheria iitwayo Take It Down tarehe 19 Mei 2025, inayozitaka kampuni za mitandao ziwe na utaratibu wa kupokea malalamiko ya picha za uchi zisizo na ridhaa, za kweli na za kutengeneza, na kuziondoa ndani ya saa 48 baada ya ombi halali. Zilipewa mwaka mmoja kujiandaa. Ombi halali kwa sheria hiyo lina saini, mahali picha ilipo, tamko la nia njema kwamba hakukuwa na ridhaa, na mawasiliano ya mlalamikaji. Sheria ni ya kwao na sitaahidi kwamba itamlinda mtu wa Lamu. Lakini kampuni nyingi kubwa ni za kwao, na ombi lenye vitu hivyo vinne huwaondolea kisingizio cha kusema halikukamilika.

Picha iliondoka, na akaunti ikafuata baadaye.

Kuizuia isirudi

Hapa ndipo StopNCII.org inapoingia. Ni huduma ya bure inayoendeshwa na shirika la SWGfL la Uingereza tangu Desemba 2021, kwa watu wa miaka 18 na zaidi, popote walipo. Unaichagua picha ndani ya simu yako, na simu yenyewe inaikokotoa na kutoa mfuatano wa herufi na tarakimu unaoitwa hashi, kama alama ya kidole ya picha ile. Hashi peke yake ndiyo inayotumwa. Picha haitoki kwenye simu, na hilo nililazimika kulirudia kwa Zena mpaka akaamini, kwa sababu hakuna mwanamke aliyepatwa na haya anayetaka kuipandisha tena picha ile mahali popote. Kampuni zilizojiunga, zikiwemo Facebook, Instagram, TikTok na Snapchat, hulinganisha hashi na picha zinazopandishwa kwao, na ikilingana huikagua na kuiondoa.

Kuna mambo mawili yanayokwamisha. Hashi huvumilia picha kupunguzwa ukubwa au kufifia kidogo, lakini ikikatwa nusu au kuongezewa maandishi makubwa inaweza isitambulike. Kwa hiyo hatukutengeneza hashi moja. Tulitengeneza ya picha yenye matusi juu, ya ile iliyokatwa kiunoni, na ya ile iliyopigwa skrini ikiwa na fremu ya WhatsApp, kwa kuwa hizo ndizo zilizokuwa zikitembea. La pili ni kwamba huduma hii haifiki kila mahali. Telegramu haimo, na ndani ya mazungumzo ya WhatsApp hakuna anayelinganisha kitu. Mwishoni mwa fomu unapewa namba ya kesi na PIN. Ukipoteza PIN haitolewi nyingine, na huwezi tena kufuatilia kesi yako. Zena aliiandika ndani ya daftari la wateja wake.

Kwa aliye chini ya miaka 18 kuna huduma nyingine ya namna hiyo, ya shirika la NCMEC la Marekani, nayo kwa bahati mbaya inaitwa Take It Down vilevile kama ile sheria. Msichanganye.

Tulipekua pia Google kwa jina lake na jina la biashara. Hakukuwa na kitu. Kingekuwepo, Google ina fomu ya kuomba picha za uchi za kutengeneza ziondolewe kwenye matokeo ya utafutaji, ila hilo huificha njia tu, na tovuti iliyoiweka bado inayo.

Kituoni

Polisi wa zamu kwenye kituo tulichokwenda alisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Dada, nitumie hiyo picha WhatsApp niione vizuri." Zena alikuwa ameshafungua simu. Nilimzuia kwa upole. Picha ikishaingia kwenye simu binafsi ya afisa imezaliwa nakala mpya, na hakuna maandishi yanayoonyesha imepokewa na nani kwa kazi gani. Tulimwonyesha kwenye skrini, tukaomba dawati la jinsia ili aongee na afisa wa kike, na tukatoa flashi ndani ya bahasha iorodheshwe pamoja na maelezo. Hatukutoka bila namba ya OB, yaani ya daftari la matukio la kituo. Kila tulipofuatilia baadaye, namba hiyo ndiyo iliyofungua faili. Anayeona kituo kinamzungusha anaweza kupiga 0800 722 203 ya idara ya upelelezi, DCI, isiyolipiwa.

Kuhusu kosa, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 ina kifungu cha 37 kinachomhukumu anayesambaza picha ya faragha au ya aibu ya mtu mwingine: faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Hapa sasa ule ubandia, ambao kwa Facebook haukuwa na uzito, unaweza kugeuka hoja ya mtuhumiwa. Wakili wake anaweza kusimama na kusema mwili si wa Zena, basi picha si "ya" Zena. Kwa sababu hiyo nilimshauri maelezo yake yataje pia kifungu cha 27, cha kumsumbua mtu mtandaoni, ambacho hakijali picha imetoka wapi bali mawasiliano yaliyomdhuru, na adhabu yake inafika shilingi milioni 20 au miaka 10. Kifungu hicho kinaruhusu mahakama kumwamuru mtoa huduma aseme laini imesajiliwa kwa nani, na kumzuia aliyeshtakiwa asiendelee. Ila kilirekebishwa 2025, na Oktoba mwaka huohuo Mahakama Kuu ilisimamisha kwa muda baadhi ya marekebisho hayo, kwa hiyo kabla ya kukitegemea peke yake muulize wakili kimesimama wapi. Mawakili wanawake wa FIDA Kenya wana ofisi Mombasa na huwasaidia wanawake wasio na uwezo.

Kaka yake alitaka twende pia kwa Kamishna wa Data. Mlango huo ni mzuri, bali si kwa kila mtu. Mwaka 2023 ofisi hiyo iliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kutumia picha ya mteja bila idhini yake, na malalamiko yanatakiwa yamalizwe ndani ya siku 90. Mlango huo unamfaa mtu ambaye uso wake umetumiwa na biashara, shule, au ukurasa unaoingiza pesa. Kijana mwenye laini ya simu na chuki yake ni kazi ya polisi.

Laini ilionekana imesajiliwa kwa mzee wa Mokowe ambaye hata WhatsApp hana. Kitambulisho chake kilitumiwa na mjukuu, na mjukuu humbebea vifaa mpiga picha anayegombania harusi zilezile za Zena. Simu ya kijana ilichukuliwa kwenda kuchunguzwa Nairobi. Bado haijarudi.

Wiki iliyofuata wazee wa pande zote mbili walikuja na udi na maneno mazuri, wakiomba suluhu, na mama yake Zena alianza kulegea. Sina ugomvi na suluhu. Katiba yenyewe, ibara ya 159, inaitaka mahakama iipe nafasi. Lakini nilimwomba Zena asikubali kusema "nimesamehe, faili lifungwe" kabla ya kijana kutoa orodha ya kila mtu na kila kundi alilolitumia, kufungua akaunti zake zote mbele ya mashahidi zikaguliwe na kufutwa, na kuweka sahihi kwamba picha ikitokea tena kutoka kwake maelezo haya yatatumika dhidi yake. Na ufutaji huo usiguse simu iliyoko kwa polisi. Kijana ametaja makundi ambayo hatukuwa tukiyajua, mawili ya Malindi. Maadmini wake wameandikiwa, ingawa zile siku 2 zimeshapita, na sasa kinachobaki kwao ni kuwaomba wanachama mmoja mmoja.